Hiyo laki na themanini katoa nani?

Wiki hii barua ni nyingi, lakini moja imenikalisha mezani na kikokotoo hadi chai ikapoa. Nimeifupisha, na jina la mwenyewe nimelitoa kama alivyoomba.

"Dada shikamoo. Nina miaka 26, ninakaa Mbagala. Mwezi Machi nilipata kazi ya karani wa stoo kwenye kampuni binafsi. Mkataba unasema mshahara ghafi ni shilingi 900,000: msingi 700,000, nyumba 150,000, usafiri 50,000. Kila mwezi ninapokea 639,500. Nilipomuuliza mhasibu mbona ndogo hivi, akanionyesha kwenye slipi NSSF 180,000 na kodi 80,500. Akasema NSSF ni asilimia 20, ndivyo sheria ilivyo, niwaulize serikali. Ninaishi na rafiki yangu mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, yeye anakatwa asilimia 5 tu. Dada, kati yetu sisi wawili nani anaibiwa?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo mwalimu, maana kwake hakuna shida.

Rafiki yako hayumo NSSF. Walimu wa serikali wako PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa. Huko mtumishi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na serikali ambayo ndiyo mwajiri inaweka asilimia 15. Jumla 20. Wewe wa sekta binafsi uko NSSF, na jumla ni 20 vilevile ila mgawanyo ndio tofauti: 10 zako, 10 za mwajiri, tena zinahesabiwa kwenye mshahara ghafi na siyo msingi peke yake. (Wa Zanzibar mna ZSSF yenye viwango vyake, kwa hiyo hesabu za leo msizihamishie huko.)

Kwa hiyo mhasibu wenu hakudanganya aliposema asilimia 20. Alichofanya ni kuikata sentensi katikati. Ishirini ndiyo inayokwenda kwenye mfuko, lakini sheria haikusema yote itoke kwenye jasho lako. Mwajiri anaruhusiwa kukukata nusu yake, asilimia 10 ya mshahara wako, basi. Akitaka kukubebea zaidi ya nusu, ni hiari yake na Mungu ambariki. Kukutwisha wewe nusu yake yeye, hapana.

Sasa nikaitandaza ile picha ya slipi uliyonitumia. Hebu twende mstari kwa mstari kama ilivyotakiwa kuwa.

Juu ni mapato: 700,000 na 150,000 na 50,000, jumla 900,000. Huo ndio ghafi. Chini yake ni makato. NSSF yako ni asilimia 10 ya 900,000, yaani 90,000. Kisha inakuja kodi ya PAYE, na hapa ndipo wengi huteleza: kodi haikokotolewi kwenye 900,000. Kwanza unatoa mchango wako wa NSSF, kodi inahesabiwa kwenye kinachobaki, 810,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, mtu aliye kati ya 760,000 na milioni moja analipa 68,000, na asilimia 25 ya kile kilichozidi 760,000. Wewe umezidi kwa 50,000, na robo yake ni 12,500. Jumlisha: 80,500.

Umeona? 80,500. Ndiyo kodi ileile iliyo kwenye slipi yako.

Hapo ndipo chai yangu ilipopoa, mdogo wangu. Ile kodi imekokotolewa na mtu, au na programu, inayojua fika kwamba mchango wako ni 90,000. Kama kweli mchango wako ungekuwa 180,000, wangeutoa wote kabla ya kodi, na kodi isingefika 80,500. Kwa hiyo upande wa TRA wewe ni mtu wa 90,000, na upande wa mfuko wako wa suruali ni mtu wa 180,000. Slipi moja, hesabu mbili. Sisemi mhasibu ni mwizi, huenda aliikuta slipi imepangwa hivyo na aliyemtangulia, au bosi kamwagiza. Lakini asikwambie uwaulize serikali.

Slipi sahihi ingesoma hivi: ghafi 900,000, toa NSSF 90,000, toa PAYE 80,500, mkononi 729,500. Wewe unapokea 639,500. Pengo ni 90,000 kwa mwezi, nayo ni ile nusu ya mwajiri wako unayomlipia wewe.

Na ile nusu ya mwajiri kwenye slipi inakaa wapi? Swali hili huwa naulizwa hata na watu wenye digrii zao. Jibu ni kwamba kwenye hesabu ya kutoka ghafi hadi mkononi haimo kabisa. Haijumlishwi juu, haitolewi chini. Kampuni nyingine huiandika pembeni au chini kabisa, baada ya mstari wa mkononi, "mchango wa mwajiri 90,000", kukujulisha tu. Nyingine haziiandiki kabisa kwenye slipi, na hilo peke yake si dalili ya wizi. Mahali pake pa kweli ni kwenye karatasi ambayo wewe huioni: ile orodha kubwa ya mishahara ya kampuni, yenye safu ya kila mfanyakazi. Pale kuna safu ya NSSF ya mfanyakazi, safu ya NSSF ya mwajiri, na ya tatu ya jumla inayopelekwa.

Nilifanya kazi ya uhasibu miaka sita kabla ya kuanza kuwasumbua kwenye kurasa hizi, kwa hiyo niruhusuni nifungue daftari kidogo. Mfanyakazi wa 900,000 haigharimu kampuni 900,000. Inaandika mshahara 900,000 kama gharama, kisha inaandika NSSF ya mwajiri 90,000 kama gharama nyingine, inayojitegemea. Jumla 990,000. Hiyo 990,000 inagawanyika: 180,000 ni deni la NSSF, 80,500 ni deni la TRA, na 729,500 ni yako benki. Jumlisheni hizo tatu mtaona zinarudi palepale. Kuna na vidogo vingine vya mwajiri peke yake, kama asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Hivyo navyo mkiviona kwenye safu ya makato yenu, ulizeni haraka, maana si vyenu.

Kuna slipi za mtindo mwingine ambazo huwachanganya watu. Juu kwenye mapato wanaandika "NSSF mwajiri 90,000", ghafi inaonekana 990,000, kisha chini wanakata 180,000. Ukiiona usikimbilie kulia. Angalia mkononi. Ikiwa ni 729,500, hakuna ulichopoteza, wameizungusha tu hela yao juu na kuitoa chini. Tatizo ni programu ikijisahau na kuihesabia kodi ile 90,000 ya juu. Kodi itapanda kutoka 80,500 hadi 103,000, na utakuwa unapoteza 22,500 kila mwezi kwa hela ambayo hukuishika hata sekunde moja.

Wanaotafuta kazi nao nawaambia neno. Siku hizi mtu anaitwa kwenye usaili, anatajiwa "kifurushi" cha 990,000, anarudi nyumbani anapiga vigelegele. Uliza palepale, kwa heshima: hiyo ni ghafi yangu, au mmeshahesabu na NSSF yenu ndani? Kama imo ndani, ghafi yako ni 900,000 na hapo hakuna aliyekuibia, ni wewe tu umepiga vigelegele vya 990,000. Kinachohukumu ni neno lililo kwenye mkataba. Mkataba wako wewe wa Mbagala unasema "mshahara ghafi 900,000", na maneno hayo yamekubeba.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nisikujibu siku ileile. Nilikutumia ujumbe ukaombe taarifa ya michango yako NSSF. Ulikwenda na kitambulisho na namba yako ya uanachama, ukanitumia picha. Machi 180,000, Aprili 180,000, hivyo hivyo mpaka Septemba. Ukaniandikia, "Dada, mbona kila kitu kiko sawa?"

Kiko sawa kwa mfuko. Mfuko umepokea asilimia 20 yako kamili, kila mwezi, na kwa wakati. Mfuko hauwezi kujua hiyo laki na themanini imetoka kwenye mfuko wa nani. Kwake ni shilingi, hazina sura ya mtu. Aliyezitoa anaonekana kwenye slipi peke yake. Na kama zimefika, hilo linaonekana kwenye taarifa ya mfuko peke yake. Karatasi hizi mbili zinatakiwa ziwekwe ubavu kwa ubavu, ndipo zinaongea. Wengi wetu tunashika moja. Wenye slipi safi wanalala usingizi, na wenye taarifa safi nao wanalala usingizi, kila mmoja kwa nusu ya ukweli.

Nikupe mfano wa upande wa pili. Kijana mmoja wa hotelini aliniletea slipi inayopendeza kama kadi ya harusi. Ghafi 600,000, ambayo ni msingi 400,000 na posho 200,000. NSSF 60,000, asilimia 10 barabara. Nikamwambia nenda kalete taarifa. Ikaja: kila mwezi 80,000. Ilitakiwa 120,000.

Hapa kuna hesabu moja ya jikoni nataka muikariri. Chukua kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa ya NSSF kwa mwezi mmoja, zidisha mara 5. Jibu ndilo mshahara ambao mwajiri wako amewaambia NSSF kwamba anakulipa. Kwa yule kijana, 80,000 mara 5 ni 400,000. Kumbe alitangazwa kwa mshahara wa msingi tu, posho zikafichwa. Lakini kwenye slipi alikatwa kwa 600,000. Yeye alitoa 60,000, mwajiri akaongeza 20,000 tu, hesabu ikatimia 80,000. Kila mwezi mwajiri alikuwa anamlipia robo badala ya nusu, na siku ya mafao, yale yanayokokotolewa kutokana na mshahara yangesoma mtu wa laki nne. Kwako wewe wa Mbagala, 180,000 mara 5 ni 900,000. Umetangazwa sawasawa. Angalau hapo.

Na hila ya tatu ndiyo iliyo kongwe: kukatwa na kutopelekwa kabisa. Hii niliishuhudia kwa macho nikiwa mhasibu msaidizi, mahali ambapo sitapataja. Slipi zinatoka tarehe 28, NSSF imekatwa vizuri kwa kila mtu. Naandaa hati ya malipo, naipeleka kwa mkubwa, anaangalia salio la benki, ananirudishia. "Hii subiri, kwanza tulipe dizeli." Mwezi unaofuata ni tairi. Unaofuata ni mteja hajalipa. Kwenye vitabu vyangu deni la NSSF lilikuwa linapanda tu, na wafanyakazi wenzangu kila mmoja na slipi yake mkononi, nami nikiwa mmoja wao. Slipi haikusema uongo: pesa ilikuwa imekatwa. Ila kukatwa ni tendo la ofisini kwenu, kufika ni tendo lingine. Niliondoka pale na pengo la miezi mitano, na nilipolifuatilia ndipo nilipoijua njia ninayowaelekeza leo.

Miezi ina uzito wake kuliko hata shilingi. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mtu wa miezi 175 hasemwi "karibu". Kwa hiyo ukitazama taarifa, usitazame jumla ya chini kwanza. Pitisha kidole kwenye miezi, mmoja mmoja, utafute uliorukwa. Wanaoambiwa "uko kwenye majaribio, NSSF baada ya miezi mitatu" hapo ndipo mtakapoliona pengo lenu la kwanza, maana majaribio hayamtoi mtu kwenye sheria hii. Ukilipwa mshahara, mchango unatakiwa.

Ila msiwe na haraka ya kugombana pia. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha ndipo awe amelipa. Mchango wa Oktoba unaweza kufika Novemba mwishoni na bado uko ndani ya muda. Wewe ulichukua taarifa katikati ya Novemba, ndiyo maana Oktoba haikuwepo, na sikuihesabu kuwa kosa. Ukichukua nyingine Desemba na Oktoba bado haipo, hapo tutaongea.

Basi ufanye nini, mdogo wangu? Usiende kwa mhasibu na maneno ya "mnaniibia". Nenda na karatasi tatu: mkataba, slipi ya Machi na slipi ya Oktoba. Mwambie, "Kaka, naomba unisaidie kuelewa, hii kodi ya 80,500 imekokotolewa kwenye kiasi gani?" Mwache apige hesabu mwenyewe. Akifika 810,000, muulize hiyo 90,000 iliyotolewa ni ya nini, na ile 90,000 nyingine ni ya nani. Mara nyingi mambo huishia hapo, maana mhasibu anayejua kazi akiliona hilo hatapenda mkaguzi alione.

Yakikwama, andika barua fupi kwa uongozi, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Makato yasiyo halali ni mgogoro wa kikazi, na mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko kuna muda: migogoro ambayo si ya kuachishwa kazi inatakiwa ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu ilipozuka, kwa hiyo usikae na ahadi za "mwisho wa mwezi" hadi mwaka ugeuke. Yule wa hotelini na wale wa miezi iliyorukwa, ninyi mlango wenu ni ofisi ya NSSF iliyo karibu na mwajiri wenu. Wao wana wakaguzi wa kuingia ofisini na kufungua ile orodha kubwa niliyowaambia, na wana uwezo wa kumdai mwajiri mchango pamoja na adhabu ya kuchelewa. Slipi zenu ndizo zitakazowaonyesha wakaguzi wanatafuta nini, kwa hiyo acheni kuzitupa. Na kama hampewi slipi kabisa, idaini: sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake.

Jana jioni ujumbe wako wa mwisho uliingia. Mhasibu alikaa kimya kidogo, akasema ataongea na bosi, na kwamba watarekebisha. Vizuri. Lakini slipi ya Novemba ikitoka, isome namna hii. NSSF iwe 90,000. PAYE ibaki 80,500 ileile, isiguswe. Mkononi 729,500. Halafu marejesho ya miezi minane, Machi hadi Oktoba, ni 90,000 mara 8, yaani 720,000. Yakija kwa mara moja, yawe mstari wa peke yake, chini, baada ya kodi na NSSF. Wakiyachanganya juu na mapato ya mwezi, programu itayakata kodi na asilimia 10 nyingine, wakati hela hiyo ilishakatwa kodi mwezi uleule ulipoichuma. Benki iingie 1,449,500. Ikipungua hata elfu kumi, nitumie picha.